Wazaliwa wa Tarehe 1 Januari

Nilikuwa nimeipanga orodha ndefu ya watu kwa tarehe ya kuzaliwa, kazi ya kawaida ya kutafuta walioandikishwa mara mbili, nilipoona kwamba safu ya tarehe imekwama. Niliteremsha ukurasa, nikateremsha tena, na kila mstari ulisema 01/01/1985. Baadaye ikaja 02/01/1985 yenye mtu mmoja, na siku nyingine mbili zisizo na mtu kabisa. Nilipofika mwaka 1986, mambo yalikuwa yaleyale.

Mwenzangu wa meza ya pili alichungulia skrini yangu na kutoa hukumu papo hapo.

"Hizo ni za kutunga, dada. Mtu hawezi kuisahau siku yake ya kuzaliwa."

Sentensi hiyo ilinikaa kichwani kwa wiki kadhaa, kwa sababu inasikika kama kweli hadi uitazame vizuri. Hakuna mtu anayeikumbuka siku aliyozaliwa. Sote tuliambiwa, ama na watu waliokuwapo, ama na karatasi. Anayesema bila kusita kwamba alizaliwa tarehe 14 Agosti anasoma tu alichoandika mtu mwingine kabla yeye hajaweza hata kukaa, na tofauti yake na wale wa orodha yangu ni kwamba kwao hapakuwa na mwandishi siku ile.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Kama watu wangezaliwa kwa usawa mwaka mzima, basi kati ya kila watu 36,500 ungewakuta wapatao 100 tu wa tarehe 1 Januari. Rejista inayozidi kiasi hicho mara kumi au mara ishirini haituelezi lolote kuhusu uzazi. Inatueleza jinsi ilivyojazwa.

## Swali lenye nafasi tatu

Niliomba ruhusa ya kukaa pembeni ya meza ya uandikishaji, nione tarehe hizo zinavyozaliwa. Aliyekuwa zamu ni karani kijana, mpole, asiye na haraka. Mbele yake alikaa mama mmoja mtu mzima.

"Mama, shikamoo. Ulizaliwa lini?"

"Marahaba, mwanangu. Baada ya ile njaa kubwa. Mavuno ya kwanza baada ya njaa, mama yangu alikuwa amenibeba mgongoni, sijaanza kukaa."

"Unajua mwezi, mama?"

"Aliniambia mvua zilikuwa zimekatika karibuni nilipozaliwa."

Karani alifungua kalenda yake ya matukio, ile orodha ya njaa, mafuriko, vita na viongozi walioingia na kutoka, ambayo waandikishaji na wahesabu watu huitumia kukadiria umri wa mtu asiye na cheti. Aliupata mwaka wa njaa, akahesabu mpaka mavuno yaliyofuata, akarudi nyuma miezi michache kwa sababu mtoto alikuwa bado hajakaa, kisha akalinganisha na mwisho wa mvua. Kwa dakika chache alikuwa ameubana uzazi wa mama yule ndani ya miezi isiyozidi mitatu, na hiyo, kwa mtu ambaye hana hata kipande cha karatasi, ni kazi nzuri sana.

Kisha akaigeukia kompyuta. Fomu ilikuwa na visanduku vitatu: siku, mwezi, mwaka. Aliandika mwaka na kujaribu kuviacha viwili vilivyobaki. Kitufe cha kuhifadhi hakikubonyezeka, na maandishi mekundu yakamtaka aweke tarehe kamili. Akaandika 01, akaandika 01, na fomu ikapita.

Mvua za mama yule hazikatiki Januari.

Hapo ndipo nilipoona kwamba jambo hili ni zaidi ya upungufu wa taarifa. Taarifa ilikuwapo. Haikuwa na umbo la tarehe, lakini ilikuwapo, na karani aliipata kwa ustadi. Fomu ilikuwa na uwezo wa kupokea mambo mawili tu, yaani siku moja mahususi au kukataa, na kwa hiyo ikamlazimisha mtu aliyejua kwamba hakuwa mzaliwa wa Januari aandikwe kuwa mzaliwa wa Januari.

## Kwa nini Januari

Karani akikosa siku, angeweza kuandika yoyote. Angeandika 17 Septemba na fomu ingeridhika vilevile. Lakini 17 Septemba inaonekana kama tarehe ya kweli, na mwandishi mwaminifu huona aibu kuitunga. Tarehe 1 Januari inabeba ishara yake: makarani wote wanajua kwamba maana yake ni "mwaka ndio huu, mengine hatuna". Ni njia ya kukiri kwamba hujui, bila kukaidi mfumo.

Tatizo ni kwamba ishara hiyo inasomwa na makarani peke yao. Kwa mashine, kwa afisa wa mpakani, kwa wakili na kwa mwajiri, hiyo ni tarehe kama tarehe nyingine. Na mtu aliyezaliwa kweli siku hiyo, maana nao wapo, hana namna ya kutofautishwa.

Kompyuta nazo zina mchango wao, hata pale ambapo binadamu hakuandika siku. Programu nyingi zikipewa mwaka mtupu huujaza zenyewe kwa kuchukua mwanzo wake. Katika JavaScript, kwa mfano:

```
new Date("1974").toISOString()
// "1974-01-01T00:00:00.000Z"
```

Mwaka uliokuwa peke yake umetoka ukiwa na mwezi, siku, saa na sekunde. Tena, kwa kuwa saa hiyo ni saa sifuri ya majira ya kimataifa, kompyuta iliyoko Marekani ikiionyesha kwa majira yake itasema 31 Desemba 1973. Ukikuta katika rejista watu wenye siku hiyo ya mwisho wa mwaka kwa wingi usioelezeka, usiharakishe kuwatafutia sababu za kijamii. Huenda ni wazaliwa wa Januari waliosafirishwa kupitia programu. Vivyo hivyo, rundo kubwa la 1 Januari 1900 au 1 Januari 1970 aghalabu si watu wasiojua siku zao bali ni nafasi zilizoachwa tupu, kwa sababu mifumo mingi huanzia hapo kuhesabu wakati.

Hata hivyo, chanzo kikubwa kiko mbali na kompyuta. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unasema katika kifungu cha 7 kwamba mtoto aandikishwe mara tu baada ya kuzaliwa, lakini takwimu za UNICEF za mwaka 2024 zilionyesha kwamba watoto wapatao milioni 150 walio chini ya miaka mitano hawakuwa wameandikishwa popote. Mtoto wa namna hiyo hukutana na swali la tarehe kwa mara ya kwanza akiwa shuleni, au mpakani, au kwenye foleni ya kitambulisho, miaka mingi baada ya walioshuhudia kuzaliwa kwake kutawanyika. Vijana wa Sudan waliokimbia vita na kulelewa katika kambi ya Kakuma ni mfano unaojulikana sana: walipoanza kupelekwa Marekani kwa maelfu karibu na mwaka 2001, wengi wao waliwasili wakiwa na siku moja ya kuzaliwa, kwa sababu umri wao ulikadiriwa kwa kuwatazama na siku ikajazwa kwa desturi.

## Miaka 12 katika mwaka 1380

Kuna hali ambayo ilinichukua muda mrefu kuielewa, nayo ni pale ambapo karatasi ipo, imeandikwa kwa uangalifu, na bado tunaishia Januari.

Tazkira ya zamani ya karatasi, yaani kitambulisho cha Waafghani, aghalabu haikuandika siku ya kuzaliwa. Iliandika umri wa mtu katika mwaka ilipotolewa: huyu ana miaka 12 katika mwaka 1380. Kwa matumizi yake ya nyumbani hiyo ilitosha. Lakini mwaka 1380 ni wa kalenda ya jua ya Kihijria, ambayo huanza karibu na tarehe 21 Machi, na mwenye tazkira anapofika mbele ya afisa anayetumia kalenda ya Januari, hapana budi hesabu ifanyike.

Tuifanye. Toa 12 katika 1380, unapata 1368. Ili kuupeleka mwaka huo kwenye kalenda yetu, watu wengi huongeza 621, na jibu ni 1989. Siku haijulikani, kwa hiyo afisa anaandika 1 Januari 1989 na kugonga muhuri.

Sasa tazama mwaka 1368 ulikuwa wapi hasa. Ulianza tarehe 21 Machi 1989 na kuisha tarehe 20 Machi 1990. Tarehe 1 Januari 1989 imo katika mwaka 1367. Kwa maneno mengine, kati ya siku zote ambazo kijana huyo angeweza kuwa alizaliwa kwa mujibu wa karatasi yake mwenyewe, siku aliyopewa haimo. Kama alizaliwa mwishoni mwa mwaka wake, ameongezewa zaidi ya miezi 14.

Nilipoifanya hesabu hii mara ya kwanza nilidhani nimekosea kutoa, nikairudia kwa kalamu. Haina kosa. Kila hatua yake ni ya busara ukiitazama peke yake.

Na hapo bado hatujaugusa umri wenyewe, ule wa 12, ambao mara nyingi ulikadiriwa kwa macho na mtu aliyekuwa na foleni mbele yake. Umri wa kukadiria una tabia yake, ambayo wataalamu wa takwimu za watu wanaijua vizuri: hupenda kutua kwenye 0 na 5. Wanacho kipimo kinachoitwa kielezo cha Whipple, kinachohesabu katika watu wa miaka 23 hadi 62 ni wangapi waliotaja umri unaoishia na tarakimu hizo mbili. Kielezo cha 100 kina maana kwamba hakuna upendeleo, na 500 kwamba kila mtu ameutaja umri wa namna hiyo. Ndiyo maana rundo la 1 Januari huwa refu zaidi katika miaka fulani kuliko mingine. Siku ni ya kubuni, na mwaka nao si ajabu ukawa wa kukadiria, lakini vikikaa pamoja katika umbo la 01/01/1985 vinaonekana kuwa na uhakika ambao havijawahi kuwa nao.

## Kosa lenye upande

Kwa muda niliona kwamba hilo halina madhara makubwa, kwani siku yoyote ya kubuni ingekuwa na kosa. Baadaye niligundua kwamba makosa hayalingani.

Ukimpa mtu tarehe 1 Julai, unaweza kumzidishia umri au kumpunguzia, na katika kundi kubwa makosa hayo hufidiana. Wastani wa umbali kutoka siku ya kweli ni kama miezi mitatu. Ukimpa 1 Januari, humpunguzii kamwe. Umempa umri mkubwa kuliko wote unaowezekana katika mwaka huo, na wastani wa ziada hiyo ni miezi sita. Ni kosa linaloelekea upande mmoja.

Chukua mvulana aliyezaliwa tarehe 20 Novemba 2006, akaandikwa 1 Januari 2006. Kwa karatasi, alitimiza miaka 18 tarehe 1 Januari 2024. Kwa mwili wake, alikuwa mtoto kwa miezi mingine zaidi ya kumi. Ikiwa amefika peke yake katika nchi ya ugenini, miezi hiyo ndiyo inayoamua kama atapewa mlezi au ataambiwa ajitegemee, kama atalala na watoto wenzake au na watu wazima, kama ataendelea na shule au la. Ndiyo maana baadhi ya mamlaka, zikiwa na shaka juu ya umri wa kijana, huchagua kinyume chake na kuandika 31 Desemba, ili shaka imfae anayehitaji ulinzi.

Lakini kosa lilelile linamfaa mzee. Anayestaafu kwa tarehe 1 Januari hupata pensheni yake mapema kuliko mwenzake aliyezaliwa mwaka uleule na ana cheti cha Novemba. Sijamwona mzee aliyelalamika. Mtu mmoja anaweza kuibiwa miezi kumi ya utoto na kurudishiwa uzeeni, na sidhani kama biashara hiyo ni ya haki.

## Siku iliyojaa

Sweden ndiko tatizo hili lilikoonekana kwa namna ya pekee, kwa sababu nambari ya utambulisho ya kila mkazi hujengwa juu ya siku yake ya kuzaliwa. Tarakimu sita za kwanza ni mwaka, mwezi na siku. Zinafuata tarakimu tatu za kuwatenganisha waliozaliwa siku moja, na ya mwisho ni ya uhakiki, yaani hukokotolewa kutokana na zilizotangulia ili kugundua makosa ya kuandika. Katika zile tatu, ya mwisho huwa witiri kwa wanaume na shufwa kwa wanawake. Hesabu haihitaji mtaalamu: siku moja ya mwaka mmoja ina nafasi za wanaume wapatao 500 na wanawake wapatao 500.

Kwa siku ya kawaida katika nchi ya ukubwa ule, hizo zinatosha. Kwa tarehe 1 Januari na 1 Julai za miaka fulani, ambazo wahamiaji wasiojua siku zao walikuwa wakipewa, nafasi zilikwisha. Mamlaka ikalazimika kuwapa wengine siku za jirani. Kwa hiyo yupo mtu ambaye siku yake ya kuzaliwa kwenye karatasi si ya kweli, na si hata ile ya kubuni aliyokusudiwa. Ni ya kubuni iliyosogezwa kwa sababu ya foleni.

Mahali pengine siku haijai, ila inapoteza kazi yake. Tarehe ya kuzaliwa huulizwa kwa sababu jina peke yake halitoshi kumtambua mtu. Katika jamii ambamo majina machache yanarudiwarudiwa, na tarehe zimekuwa moja, jina na tarehe vikijumlishwa bado havitoshi. Katika orodha yangu mfumo ulikuwa umependekeza kuunganisha wanaume wawili wenye majina matatu yaleyale na 01/01/1985, ukinihakikishia kwamba ni mtu mmoja. Nilifungua picha zao. Mmoja alikuwa na kovu kubwa chini ya jicho na mwingine alikuwa mfupi wa uso, mwenye mvi za mapema. Jina la mama lilitofautiana pia. Kama rekodi zile zingekuwa za hospitali na mtu amebonyeza kukubali, mmoja wao angekuwa anatibiwa kwa historia ya mwenzake.

## Nafasi ya kutojua

Kinachonisumbua zaidi ni kwamba suluhisho la kiufundi lipo zamani. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, linaloweka kanuni za pasipoti, linaruhusu tarehe isiyojulikana. Mahali panaposomwa na macho, siku na mwezi huandikwa XX. Katika mistari ya chini ya ukurasa wa picha, ile inayosomwa na mashine, nafasi hizo hujazwa alama `<`. Mzaliwa wa mwaka 1974 asiyejua zaidi ya hapo ataandikwa `74<<<<` badala ya `740101`.

Mashine haipati taabu. Tarakimu ya uhakiki hupatikana kwa kuzidisha kila nafasi kwa 7, 3 na 1 kwa zamu, kujumlisha, na kuchukua tarakimu ya mwisho ya jumla, huku `<` ikihesabiwa kuwa sifuri. Kwa `740101` jumla ni 49 na 12 na 7 na 1, yaani 69, na tarakimu ni 9. Kwa `74<<<<` ni 49 na 12 tu, yaani 61, na tarakimu ni 1. Zote mbili ni halali.

India nayo ilifanya jambo la busara katika Aadhaar, mfumo wake wa nambari za utambulisho: mtu anayejua umri wake tu huhesabiwa mwaka, rejista ikaonyesha kwamba ni makadirio, na kadi nyingi zimechapishwa zikiwa na mwaka wa kuzaliwa peke yake.

Basi kwa nini 1 Januari inaendelea kushinda? Nadhani ni kwa sababu ukweli wa namna hii hausafiri. Mwenye XX kwenye pasipoti akienda kununua tiketi mtandaoni hukutana na visanduku vitatu vilevile, na fomu haitampitisha hadi ajaze siku na mwezi. Sasa tiketi na pasipoti hazifanani, na anayetakiwa kueleza ni yeye. Katika hali hiyo, 01/01 ni msaada, maana inapita kila mlango na hakuna anayeihoji. Mtu akishahangaika na XX mara kadhaa, huomba mwenyewe apewe Januari, na siwezi kumlaumu.

Kwetu niliomba safu moja iongezwe kwenye rejista, ya kuonyesha usahihi wa tarehe, yenye majibu manne: siku inajulikana, mwezi unajulikana, mwaka unajulikana, au ni makadirio. Karani yule kijana aliipokea kwa furaha na kuanza kuandika pia maelezo kama ya mvua na mavuno. Ilipofika wakati wa kupeleka faili kwa taasisi nyingine, kiolezo chao kilikuwa na safu za jina, jinsia, tarehe ya kuzaliwa, uraia na nambari. Safu yetu haikuwa na pa kukaa, na tarehe zikaenda peke yake.